Kujenga Ngazi za Mwonekano kwa Fonti Mbili: Uchambuzi wa Usanifu wa Bango la Onesho la Taarabu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna bango la onesho la muziki linavyoweza kupangwa ili msomaji apate taarifa kwa utaratibu unaokusudiwa, huku msanifu akitumia fonti mbili pekee. Hoja inayotetewa ni kwamba ngazi za mwonekano hazitokani na wingi wa fonti, bali na tofauti ya ukubwa, unene, nafasi na mahali pa maandishi. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mfano wa bango la ukubwa wa A2 uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu.

1.0 Utangulizi

Bango la muziki husomwa na mtu anayepita. Mtu huyo hajaja kulisoma; yuko njiani kwenda sokoni au kazini, na bango lina sekunde chache za kumfanya apunguze mwendo. Akipunguza mwendo, anahitaji kujua mambo kwa mfuatano: kuna nini, lini na wapi, kisha kiasi gani na kwa nani. Mfuatano huo ndio unaoitwa ngazi za mwonekano. Bango lisilo na ngazi humpa msomaji mambo yote kwa sauti moja, naye huondoka bila hata moja.

Wasanifu wengi wanaoanza hujaribu kuzitofautisha taarifa kwa kuipa kila moja fonti yake: jina la onesho kwa herufi za mapambo, tarehe kwa herufi nene, mahali kwa herufi za mwandiko na kiingilio kwa herufi nyingine tena. Matokeo huwa kinyume cha kusudio. Fonti tano zilizo karibu kwa ukubwa humwambia msomaji kwamba kuna vitu vitano tofauti, lakini hazimwambii kipi kitangulie. Josef Müller-Brockmann, msanifu wa Uswisi aliyesanifu mabango ya matamasha ya Tonhalle mjini Zurich kuanzia miaka ya 1950, alitegemea zaidi aina moja ya herufi, Akzidenz-Grotesk, na mabango yake yakabaki na utaratibu dhahiri wa kusomwa. Ikiwa fonti moja yaweza kutosha, basi mbili ni nafasi ya ziada inayopaswa kutumiwa kwa sababu maalumu.

2.0 Kuchagua fonti mbili

Katika mpango wa fonti mbili, kila fonti hupewa kazi yake. Ya kwanza hubeba sauti ya onesho na hutumika kwenye jina tu. Ya pili hubeba taarifa zote zilizobaki, hivyo inapaswa kuwa na uzito wa aina kadhaa na tarakimu zinazosomeka vizuri.

Mfano wa makala haya unatumia Anton kwa jina na Work Sans kwa taarifa. Zote hupatikana bila malipo kwa leseni huria. Anton ni nene na imebanwa kwa upana, kwa hiyo neno refu huweza kuandikwa kwa kimo kikubwa bila kuvuka ukingo wa karatasi. Sifa hiyo ina manufaa ya pekee kwa Kiswahili, ambacho maneno yake huwa marefu kutokana na viambishi. Work Sans ina uzito tisa, kuanzia 100 hadi 900, ingawa bango hili linahitaji miwili tu: 400 na 700.

Jozi hiyo inafaa kwa sababu fonti hizo zinatofautiana waziwazi. Fonti mbili zinazokaribiana huonekana kama kosa la uchapaji: msomaji huhisi kuna kitu kimebadilika bila kujua ni nini wala kwa nini. Kwa upande mwingine, fonti ya jina yenye mistari myembamba sana, kama Abril Fatface, hupendeza kwenye skrini lakini huleta tatizo inapochapwa kwa rangi nyeupe juu ya wino mweusi. Wino hutambaa na kuijaza mistari hiyo, na kwa mbali herufi huonekana kama vipande vilivyokatika.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuiongezea unene fonti ya Anton kwa kitufe cha herufi nene. Anton ina uzito mmoja tu. Baadhi ya programu hutengeneza unene wa bandia kwa kuitanua mistari, na matundu ya herufi kama A na B huanza kuziba. Dalili yake huonekana kwa kulinganisha tundu la A kabla na baada ya kubonyeza kitufe hicho.

3.0 Ukubwa kulingana na umbali

Ukubwa wa maandishi hauamuliwi kwa jicho la mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, bali kwa umbali wa msomaji. Kanuni rahisi ya kazi ni kwamba kimo cha herufi kubwa kisipungue sehemu moja ya mia mbili ya umbali huo. Maandishi ya kusomwa kwa mita 10 yanahitaji kimo cha milimita 50. Ya mita 3, milimita 15. Ya mita 1, milimita 5.

Programu za usanifu hupima fonti kwa pointi, na pointi moja ni takriban milimita 0.35. Kwa kuwa herufi kubwa za fonti nyingi hufikia takriban asilimia 70 ya ukubwa uliotajwa, vimo hivyo vitatu hukaribia pointi 200, 60 na 20. Kila ngazi ni takriban mara tatu ya iliyo chini yake, na pengo la kiasi hicho halihitaji fonti ya tatu kulieleza. Hata hivyo, fonti mbili zilizoandikwa kwa pointi zilezile zaweza kutofautiana kwa kimo, kwa hiyo ni sahihi zaidi kupima herufi yenyewe kwenye karatasi iliyochapwa.

4.0 Mfano: “Usiku wa Taarabu”

Bango la mfano lina taarifa hizi: jina la onesho, vikundi vitatu, siku na saa, mahali (Ngome Kongwe, Zanzibar), kiingilio na namba ya simu. Karatasi ni A2, yaani milimita 420 kwa 594. Ukingo ukiachwa milimita 30 kila upande, hubaki milimita 360 kwa 534.

Uamuzi wa kwanza ni kipi kishike ngazi ya juu. Kama kikundi kimoja kingekuwa na wafuasi wengi kuliko vingine, jina lake lingefaa kutangulia, kwa kuwa ndilo linalowavuta watu. Hapa vikundi vitatu vinachukuliwa kuwa na hadhi sawa, kwa hiyo jina la onesho ndilo linaloongoza.

Jina lina herufi na nafasi 16. Upana wa herufi iliyobanwa ukikadiriwa kuwa nusu ya kimo chake, mstari mmoja wenye kimo cha milimita 50 ungehitaji milimita 400, na usingeenea. Jina linapaswa kukatwa. Mkato wa “USIKU WA / TAARABU” huruhusu herufi kubwa zaidi, lakini hukitenga kihusishi “wa” na nomino yake, na jicho hutua kwenye neno lisilo na maana peke yake. Mkato wa “USIKU / WA TAARABU” hufuata muundo wa kirai. Mstari wa pili una herufi na nafasi 10. Kwa kimo cha milimita 70, huchukua takriban milimita 350 na kuenea. Jina hilo husomeka kwa takriban mita 14. Nafasi inayobaki kulia kwa neno “USIKU” huachwa wazi, kwa kuwa utupu huo ndio unaoipa ngazi ya kwanza nguvu.

Ngazi ya pili ni siku, saa na mahali, kwa Work Sans 700 yenye kimo cha milimita 15:

Ijumaa, tarehe 14 Agosti
Saa 2:00 usiku
Ngome Kongwe, Zanzibar

Hapa kosa la ngazi laweza kumkosesha mtu onesho. Kwa saa za Kiswahili, saa 2:00 usiku ni saa 20:00 ya kimataifa. Msanifu akiikuza “2:00” na kulipunguza neno “usiku”, mgeni asiyezoea hesabu hii atasoma saa nane mchana au saa nane usiku. Vivyo hivyo, maneno “usiku wa Ijumaa” huweza kueleweka na baadhi ya wazungumzaji kuwa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kwa sababu hiyo siku huandikwa pamoja na tarehe, na “2:00 usiku” hubaki katika mstari mmoja kwa ukubwa na unene uleule.

Majina ya vikundi hufuata kwa kimo hichohicho lakini kwa uzito wa 400. Hivyo yanakuwa na hadhi ya ngazi ya pili bila kushindana na saa na mahali. Kiingilio na simu hushika ngazi ya tatu kwa kimo cha milimita 5.

Nafasi kati ya mistari ya kundi moja ni milimita 10, na kati ya kundi na kundi si chini ya 25. Maandishi yote pamoja na nafasi hizo huchukua takriban milimita 375 za kimo. Zinazobaki, zaidi ya 150, hugawanywa kati ya nafasi na picha moja, kwa mfano ya udi au kanuni.

5.0 Majaribio na mipaka

Bango hujaribiwa kabla ya kuchapwa kwa wingi. Jaribio la kwanza ni kulitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu: jina lionekane kama umbo moja, siku na mahali kama umbo la pili. Kama maumbo mawili yanalingana kwa weusi, ngazi hazijatengana. Jaribio la pili ni kulitundika ukutani na kumwomba mtu asiyelijua alitazame kwa sekunde tano akiwa mita 3 mbali, kisha aseme onesho ni lini na wapi. Akitaja jina tu, ngazi ya pili imefifia.

Mpango huu una mipaka miwili. Kwanza, nembo za wafadhili huja na fonti zake, na msanifu hana mamlaka ya kuzibadilisha. Njia iliyo bora ni kuzikusanya chini kwa rangi moja ili zionekane kama kundi la mwisho. Pili, bango lilelile likitumwa kwenye simu yenye skrini ya upana wa milimita 70, hupungua mara sita. Ngazi ya pili hubaki na milimita 2.5 na husomeka. Ngazi ya tatu huwa chini ya milimita 1 na hupotea, pamoja na namba ya simu ambayo mnunuzi wa tiketi anaihitaji. Toleo la simu linapaswa kupangwa upya kwa fonti zilezile mbili, ngazi ya tatu ikikuzwa mara mbili na picha ikipunguzwa.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba katika bango la mfano fonti ya kwanza ilitumika mara moja tu, na ya pili ikabeba taarifa zote zilizobaki kwa uzito wa aina mbili na vimo viwili. Tofauti zote alizohitaji msomaji zilipatikana humo. Maamuzi yaliyogharimu fikra zaidi hayakuhusu fonti: yalihusu mahali pa kulikata jina, neno la kuandamana na saa, na taarifa ya kupewa nafasi ya kwanza.