Mipangilio ya Windows Inayoongeza Fremu Kweli

Kijana anacheza gemu ya mpira kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8. Akichomoa chaja tu, wachezaji wanaanza kukwamakwama uwanjani. Wengi hapo hukimbilia kubadili mipangilio, ilhali kilichobadilika ni waya: ikitegemea betri, laptopu hubana umeme unaokwenda kwenye prosesa na kadi ya michoro, na hakuna kitufe cha Windows kinachoweza kuurudisha wote.

Chaja ikiwa imechomekwa, mpango wa umeme una kazi ndogo kuliko sifa zake. Balanced haiifungi prosesa. Huishusha kasi ikiwa haina kazi, na gemu ikianza huiachia ipande hadi juu. High performance huizuia tu isishuke, ndiyo maana kwenye kompyuta ya mezani tofauti ya fremu ni nadra kuonekana. Kinachoongezeka ni joto na umeme unaoliwa. Kwenye laptopu, Best performance chini ya Settings, System, Power & battery inafaa kujaribiwa, ila feni ikishindwa na joto, prosesa hujipunguza yenyewe.

Game Mode, iliyoingia Windows 10 mwaka 2017, huipa gemu kipaumbele na huizuia Windows Update isiweke madereva katikati ya mchezo. Mashine isiyo na kazi nyingine haitaona mabadiliko makubwa. Iachwe imewashwa.

Uzito halisi uko kwa programu zinazoendelea kimyakimya. Tuseme kijana yule ameacha kivinjari wazi na tabo ishirini, huku programu mbili za kupakua zikifanya kazi. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, iliyo polepole zaidi. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu; ikisubiri diski, imechelewa, na jicho linaona mkwamo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kipengele cha Background apps permissions kinazihusu programu za Microsoft Store, si kivinjari cha Chrome wala Steam. Hizo zinafungwa kwa mkono: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, panga kwa safu ya Memory, funga zinazokula zaidi, kisha ingia Startup apps uzizuie zisijiwashe. Zima pia Record what happened katika Settings, Gaming, Captures, kwa sababu kurekodi mfululizo hutumia nguvu ya kadi ya michoro.

Anayetaka uhakika abonyeze Win+G, afungue Performance na asome FPS na GPU. Acheze kipande kilekile cha gemu kabla na baada ya badiliko moja, si matano kwa mpigo. GPU ikiwa inakaribia asilimia 100 muda wote, arudi Balanced na ashushe resolusheni ndani ya gemu yenyewe. Mpango wa umeme hautampa fremu ambazo kadi yake haina.