Kovu Chini ya Kikaango

Ukikipata kikaango cha zamani cha chuma cha kusubu kutoka Marekani, kigeuze kwanza. Mstari mwembamba ulioinuka, uliokatiza kitako, ni kovu la pale chuma kilichoyeyuka kilipomiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na kipande kilichoganda hapo kikavunjwa. Kwa kawaida ni kazi ya kabla ya miaka ya 1890, ingawa viwanda vingine vilichelewa kuacha. Baadaye chuma kilipitishwa ukingoni, alama ikasagwa.

Jina la kiwanda, hata Griswold wa mji wa Erie, lisikutosheleze. Mwigaji huchapa kalibu yake kwa kikaango halisi. Chuma kikipoa husinyaa takriban asilimia 1, hivyo nakala ya kikaango cha sentimita 27 hupungua karibu milimita 3, na herufi zake huwa butu. Chukua rula upime.