Fahamu: Maelezo ya filamu ya historia, na kwa nini watafiti hawaipati

Maelezo ni maandishi yanayokaa chini ya filamu mtandaoni. Mtambo wa kutafuta husoma maandishi hayo, hivyo filamu iliyoelezwa kwa sifa tupu, kama "historia ya kusisimua ya mashujaa wetu", humpita mwanafunzi bila yeye kujua.

Mstari wa kwanza

Chukua Vita vya Maji Maji. Anza na tukio, mahali na mwaka: "Vita vya Maji Maji, Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, 1905 hadi 1907." Kisha taja wahusika, mfano Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Andika pia "Majimaji", kwani wengine hutafuta hivyo.

Vyanzo na muktadha

Hapa ndipo wengi hulegea. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000 katika vita hivyo. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Kuandika "maelfu walikufa" hakumsaidii mtafiti. Toa makadirio yote mawili, na kwa kila moja utaje aliyelitoa.

Masimulizi ya wazee nayo yawekewe kijiji na mwaka yaliporekodiwa. Bila hayo, mwanafunzi hawezi kuyanukuu kama ushahidi.