Pawabenki ya 50000mAh yenye Uzito wa Gramu 210

Tangazo la bidhaa katika soko la mtandaoni linachukua nafasi ya kaunta, mizani na muuzaji kwa pamoja. Mnunuzi hawezi kukishika kitu, kukipima wala kuuliza swali akajibiwa papo hapo. Anachojua ni kile kilichoandikwa na kupigwa picha tu. Kwa hiyo mkaguzi wa tangazo anapaswa kuwa na bidhaa yenyewe mezani, pamoja na boksi lake na mizani ya jikoni. Akisoma maneno peke yake atasahihisha tahajia na kuuacha uongo mahali pake.

Mfano mzuri ni pawabenki, kwa kuwa karibu kila kosa la matangazo hupatikana ndani yake. Tuchukue tangazo la kubuni lenye kichwa hiki: “Pawabenki 50000mAh Original Slim Fast Charging iPhone Samsung Tecno Infinix”. Picha inaonyesha pawabenki nyeusi ikichaji simu, waya mweupe ukiwa kando. Sehemu ya vipimo ina mstari mmoja: uzito, gramu 210. Maelezo yanasema kwamba ni imara, inadumu na itakufaa safarini.

Ukaguzi unaanzia kwenye namba kubwa, kwa sababu ndiyo iliyomvuta mnunuzi. Ujazo wa pawabenki huandikwa kwa mAh, na betri za lithiamu zilizomo ndani zina volti 3.7 hivi. Zidisha ujazo kwa volti, kisha gawa kwa 1000, utapata nishati kwa Wh. Kwa 50000mAh jibu ni 185Wh. Seli moja ya lithiamu ya duara yenye ukubwa wa 18650 ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, na hata zile bora hazizidi sana 3500mAh. Ili kufikisha 50000mAh zinahitajika seli zisizopungua 14, yaani zaidi ya gramu 600 kabla ya kuhesabu ganda na saketi. Kifaa cha gramu 210 hakiwezi kubeba ujazo huo. Uzito huo unalingana na pawabenki ya 10000mAh, na mkaguzi akiligeuza ganda anakuta maandishi madogo: 37Wh. Hesabu imekubaliana na mizani. Kilichosema uongo ni kichwa cha tangazo.

Hata 10000mAh, ambayo ni kweli, inahitaji kufafanuliwa. Namba hiyo ni ya betri ndani, kwa volti 3.7, ilhali nishati hutoka kwenye tundu la USB ikiwa na volti 5, na sehemu yake hupotea kama joto wakati wa kubadilishwa. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu huandika pia ujazo halisi wa kutoka, ambao kwa pawabenki ya aina hii huwa karibu 6000mAh. Simu yenye betri ya 5000mAh itajazwa mara moja na nusu hivi. Mnunuzi aliyesoma 50000 aligawanya kwa 5000 akatarajia mara kumi. Siku ya pili anaomba kurudishiwa fedha, na kwenye fomu anachagua sababu ya “haifanyi kazi”. Muuzaji anaipima, anaona inafanya kazi vizuri, anamlaumu mteja. Kosa lilikuwa kwenye tangazo tangu mwanzo, na mteja ana haki ya kukasirika.

Kuna jambo jingine linalotokana na namba hiyo. Mashirika ya ndege huruhusu pawabenki isiyozidi 100Wh ndani ya mzigo wa mkononi, na huikataza katika mzigo unaowekwa chini ya ndege. Kati ya 100 na 160Wh huhitaji idhini ya shirika. Tangazo linalodai 50000mAh na kusema bidhaa inafaa safarini linajipinga lenyewe. Ukweli wa 37Wh ungemsaidia muuzaji kuliko chumvi aliyoitia.

Neno “Original” halina maana pasipo jina la mtengenezaji. Likikaa karibu na iPhone na Samsung, msomaji mwenye haraka anadhani kampuni hizo ndizo zilizoitengeneza. Majina ya simu yahamie kwenye maelezo, yakitanguliwa na neno “inafaa”. Hapo pia pana pengo: iPhone 15, iliyotoka mwaka 2023, ilianza kutumia tundu la USB-C, na nyingi kati ya zilizotangulia hutumia Lightning. Kusema “iPhone” bila kutaja aina ya waya ni kumwachia mnunuzi bahati nasibu.

Dai la kuchaji haraka hukaguliwa pembeni mwa kifaa, kwenye maandishi ya kuingia na kutoka. Hapa imeandikwa 5V na 2A kwa matundu yote. Volti tano mara ampea mbili ni wati 10, mwendo wa kawaida wa chaja za zamani. Dai hilo liondolewe. Kiwango hichohicho kinahusu pia kuijaza pawabenki yenyewe: 37Wh kwa wati 10, ukiongeza upotevu, huchukua saa tano hivi. Tangazo halikusema. Mtu aliyeichomeka kwa saa mbili na kuona taa moja tu imeongezeka ataamini kwamba amepewa mbovu, na sentensi moja ingeyazuia marejesho hayo.

Picha hukaguliwa kwa kufungua boksi. Kila kitu kinachoonekana kwenye picha mnunuzi hukihesabu kuwa chake, isipokuwa ameambiwa vinginevyo. Simu hakuna atakayeidai, lakini waya mweupe kwenye picha ni mrefu na una kichwa cha Lightning, ilhali ndani ya boksi mna waya mfupi mweusi wa USB-C. Ni afadhali kuipiga picha upya, vitu vya boksini vikiwa vimepangwa mezani, na picha ya pili ya karibu ionyeshe maandishi ya nyuma ya ganda.

Baada ya ukaguzi, kichwa kinakuwa: “Pawabenki 10000mAh (37Wh), matundu USB-C na USB-A, 10W, nyeusi, na waya mfupi wa USB-C”. Maelezo yanaanza na idadi ya mara inazojaza simu ya kawaida, yanafuata muda wa kuijaza, waya uliomo, simu zinazofaa na uzito. Sifa kama “imara” zifutwe, kwani hakuna mtu anayeweza kuzithibitisha. Huenda watakaobofya wakapungua. Lakini bidhaa iliyorudishwa humgharimu muuzaji usafiri, na ikishafunguliwa haiuzwi tena kama mpya, kwa hiyo mauzo machache yanayobaki yameuzwa huweza kuwa na faida kubwa kuliko mengi yanayorudi.

Si kila kinachorudi kinatokana na maandishi. Wateja watatu wakirudisha kwa sababu tatu tofauti, tangazo huenda halina kosa. Wakirudisha kwa malalamiko yaleyale, jibu litafutwe kwanza kwenye kichwa na picha. Wala tangazo sahihi halimwokoi muuzaji ikiwa shehena mpya imekuja na ganda lilelile lakini seli ndogo zaidi, jambo ambalo si geni katika biashara hii. Kwa hiyo kila mzigo unapoingia stoo, pawabenki moja itolewe boksini, ipimwe uzito, na maandishi ya ganda lake yalinganishwe na yale ya tangazo kabla ya oda ya kwanza kufungwa.