Distrofia ya misuli ya Duchenne

Distrofia ya misuli ya Duchenne ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, na karibu wagonjwa wote ni wavulana. Umepewa jina la Guillaume Duchenne (1806–1875), daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Inakadiriwa kwamba hupata mvulana 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa.

Makala hii inahusu hasa mwendo wa mtoto, kukakamaa kwa viungo vyake na kupinda kwa uti wa mgongo.

## Chanzo

Jeni inayotengeneza protini iitwayo distrofini iko kwenye kromosomu X. Distrofini huimarisha utando wa seli ya msuli. Ikikosekana, utando huo huchanika kila msuli unapofanya kazi. Seli hufa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta na nyuzi ngumu.

Msichana ana kromosomu X mbili, hivyo ile iliyo nzima kwa kawaida humtosha. Mvulana ana moja tu, naye huipata kwa mama yake. Ndiyo maana daktari huuliza habari za wajomba, si za baba wadogo. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wagonjwa wana badiliko jipya la jeni ambalo mama hana, kwa hiyo ukoo usio na mgonjwa mwingine hauondoi uwezekano wa ugonjwa huu.

## Mwendo wa mtoto

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Kati ya miaka 2 na 5 wazazi huona kwamba anachelewa kukimbia, anaanguka mara kwa mara na anapanda ngazi kwa shida. Mashavu ya miguu yake huwa makubwa na magumu, jambo linalowapotosha wengi kwa kudhani ana nguvu. Akiinuka kutoka sakafuni, kwanza hugeuka kifudifudi, huinua makalio, kisha hupandisha mikono juu ya mapaja yake mwenyewe mpaka asimame. Njia hii ya kuinuka huitwa alama ya Gowers, kwa jina la daktari Mwingereza William Gowers.

Baadaye mtoto hutembea kwa ncha za vidole, kiuno kimeingia ndani, tumbo mbele, mabega nyuma, akiyumba kama bata. Mkao huu unaonekana kama kasoro, lakini ndio unaomsimamisha. Misuli ya makalio ikidhoofika, kiwiliwili huelekea kuanguka mbele, hivyo mtoto hujiegemeza nyuma. Misuli ya mbele ya paja nayo ikidhoofika, goti huelekea kukunjika ghafla. Akisimama kwa vidole, nguvu ya ardhi hupita mbele ya goti na kulisukuma nyuma, nalo hujifunga likiwa limenyooka bila kuhitaji msuli. Ni kama mlango uliozuiwa kwa gogo badala ya kitasa.

## Mfano: kisigino kisichogusa chini

Tuchukue mfano wa kubuni wa mvulana wa miaka 8, mwenye kilo 25, anayekaa Bangwe katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Anatembea mwenyewe, lakini visigino havigusi chini. Jamaa wanashauri kano ya kisigino ikatwe ili mguu ukae sawa.

Kabla ya kuamua, mpimaji humkalisha mtoto kitini na kumwambia anyooshe goti. Akishindwa kulinyoosha kikamilifu, paja lake ni dhaifu, na vidole ndivyo vinavyolishikilia goti. Kano ikirefushwa sana wakati huo, nyayo zitakaa sawa chini, lakini goti litakunjika, na huenda asitembee tena. Makosa ya aina hii hutokana na kutazama mguu bila kutazama paja.

Kinachofaa zaidi ni kuzuia kano isikaze kupita kiasi. Jioni mtoto hulala chali mkekani, goti limenyooka. Mzazi hushika kisigino kwa kiganja, unyayo ukiegemea mkono wake, kisha huvuta kisigino chini huku akisukuma unyayo juu polepole. Hushikilia karibu nusu dakika, huachia, na kurudia mara kadhaa, siku 4 hadi 6 kwa juma. Mtoto ahisi mvuto, si maumivu makali. Kulala kifudifudi kwa muda kila siku husaidia nyonga zisijikunje. Usiku huvaa kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo kikiwa na pembe mraba. Mchana asitembee nacho, kwa sababu kinamnyima ule mkao wa vidole.

Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, huongeza muda wa kutembea na kuchelewesha kupinda kwa mgongo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.75 kwa kila kilo kwa siku. Kwa mtoto huyu ni karibu miligramu 19. Dawa hizi huongeza unene na kudhoofisha mifupa, na hazipaswi kukatizwa ghafla: mwili hukosa homoni zake na mtoto anaweza kufa.

Hatari nyingine ni kuvunjika mguu. Majuma kadhaa ndani ya plasta (hogo) yanaweza kumaliza nguvu ndogo iliyobaki. Kwa mtoto ambaye bado anatembea, mara nyingi ni afadhali mfupa ufungwe kwa vyuma ili asimame mapema.

## Uti wa mgongo

Bila dawa, wengi huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13. Baada ya hapo mgongo, ambao misuli haiushikilii tena, huanza kupinda upande, hasa katika miaka ya kukua haraka. Nyonga huinama, mtoto hukalia upande mmoja na kuegemea kiwiko ili asianguke, na pafu la upande uliobanwa hukosa nafasi.

Kiti cha magurudumu chenye kitambaa kinachobonyea huharakisha hali hiyo. Kinahitajika kiti chenye kalio gumu na tambarare, na vizuizi vya pembeni mwa kifua. Mkanda wa plastiki wa kiwiliwili, unaosaidia watoto wenye aina nyingine za mgongo uliopinda, hauzuii mpindo huu na unaweza kubana pumzi.

Tiba inayonyoosha ni upasuaji wa kuunganisha pingili kwa vyuma, kutoka juu ya kifua mpaka karibu na nyonga. Hufikiriwa mpindo ukipita nyuzi 20 hadi 40 na kuendelea kukua. Shida ni kwamba pumzi hupungua kila mwaka: uwezo wa mapafu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya kawaida, hatari huongezeka sana. Kwa familia ya Kigoma kusubiri ni hasara ya pekee, kwa kuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Picha ya mgongo ipigwe mapema baada ya mtoto kuacha kutembea, kisha kila miezi 6 hadi 12, na rufaa ianze mpindo ungali mdogo. Moyo nao upimwe, maana ni msuli pia.

Upasuaji hausimamishi ugonjwa wala haurudishi nguvu; humwezesha kukaa wima bila maumivu, mikono ikiwa huru kula na kuandika.

Daktari wa usingizi lazima ajue ugonjwa huu kabla ya upasuaji wowote, hata mdogo. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu inaweza kufanya seli dhaifu zimwage potasiamu kwenye damu na moyo kusimama hapo hapo. Dawa za usingizi za kuvuta nazo huepukwa. Jina la ugonjwa liandikwe kwenye jalada la daftari la kliniki.