Mikimbio Minne Iliyokosekana

Tarehe 14 Agosti 1948, katika uwanja wa Oval jijini London, Don Bradman wa Australia aliingia kupiga katika mechi yake ya mwisho ya kimataifa ya kriketi. Hadi siku hiyo alikuwa amekusanya mikimbio 6,996, na alikuwa ametolewa mara 69. Katika kriketi, wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawa mikimbio yake yote kwa idadi ya mara alizotolewa, si kwa idadi ya mara alizoingia. Gawanya 6,996 kwa 69, utapata 101.39. Ilionekana kama ana akiba ya kutosha: hata akifanya vibaya, atastaafu na wastani wa mia.

Hakustaafu nao. Mpira wa pili aliorushiwa na Eric Hollies ulimpita, ukaangusha vijiti vyake, naye akatoka bila mkimbio hata mmoja. Australia iliishinda Uingereza kwa tofauti kubwa mno, isihitaji kupiga kwa mara ya pili, kwa hiyo Bradman hakupata nafasi nyingine. Jumla ilibaki 6,996, lakini kigawanyo kilipanda kutoka 69 hadi 70. Wastani ukawa 99.94, na ndio unaoandikwa mbele ya jina lake mpaka leo.

Kilichompata Bradman ndicho kilichomo katika yale maswali ya hisabati yanayowasumbua wanafunzi wengi: kundi lina wastani fulani, mtu mmoja anaingia au anatoka, wastani unabadilika, kisha unaulizwa mtu huyo ana kiasi gani. Njia ya kulifikiria ni hii. Kabla ya zamu ile ya mwisho, ni kana kwamba kila mara aliyotolewa, Bradman alikuwa na mikimbio 101.39. Sifuri ilipojiunga na kundi, ilikuja na upungufu wa 101.39. Upungufu huo hauwezi kubebwa na mmoja. Unagawanywa kwa wote 70, sifuri yenyewe ikiwemo. Gawanya 101.39 kwa 70, unapata karibu 1.45, na hicho ndicho kiasi ambacho wastani ulishuka. Kwa hesabu hiyohiyo, kama angepata mikimbio minne tu kisha akatolewa, jumla ingefika 7,000, na 7,000 kwa 70 ni mia kamili.

Sasa tuingie darasani. Wanafunzi 24 wana wastani wa umri wa miaka 14. Mwalimu wao akihesabiwa pamoja nao, wastani unakuwa miaka 15. Mwalimu ana umri gani? Kosa la kwanza, nalo hurudiwa sana, ni kuchukua 14 na umri wa mwalimu, kujumlisha na kugawa kwa mbili ili kupata 15. Jibu linakuwa 16, na mwanafunzi makini atashtuka mwenyewe: mwalimu wa miaka 16? Kosa liko katika kuuhesabu ule wastani wa 14 kana kwamba ni mtu mmoja, ilhali umesimama badala ya watu 24.

Njia salama ni kurudi kwenye jumla, kwa sababu wastani haujumlishwi wala kutolewa kirahisi, lakini jumla hujumlishwa. Wanafunzi 24 wenye wastani wa 14 wana jumla ya miaka 336. Watu 25 wenye wastani wa 15 wana jumla ya miaka 375. Tofauti ni 39, na huo ndio umri wa mwalimu.

Aliyeielewa hesabu ya Bradman anaweza kufika hapo bila kuzidisha namba kubwa. Mwalimu amekuja na miaka 14 yake kama kila mtu, na juu yake ameleta ziada iliyowatosha wote 25, yeye mwenyewe akiwemo, kila mmoja akapata mwaka mmoja. Kwa hiyo ni 14 jumlisha 25, yaani 39. Ukipenda kuanzia wastani mpya, mwalimu amebaki na miaka 15 baada ya kuwapa wenzake 24 mwaka mmoja mmoja: 15 jumlisha 24, tena 39. Wanaokosea hapa huchanganya njia mbili. Huanza na 14 wakaongeza 24, wakapata 38, au huanza na 15 wakaongeza 25, wakapata 40. Ukianzia wastani wa zamani, tumia idadi mpya. Ukianzia wastani mpya, tumia idadi ya zamani.

Swali la mbadala lina mtego wake. Timu ya wachezaji 11 ina wastani wa miaka 27. Kocha anamtoa mchezaji wa miaka 33, anaingiza mwingine, na wastani unashuka hadi 26. Aliyezoea swali la mwalimu atatafuta kundi la 12 au la 10, lakini hapa uwanjani wamebaki 11 muda wote. Kila mmoja amepungukiwa mwaka mmoja, hivyo jumla imepungua miaka 11, na pengo lote hilo ni kati ya aliyetoka na aliyeingia. Aliyeingia ana miaka 22.

Lakini sura inayoshangaza kuliko zote hutokea mtu anapotoka kundi moja na kuingia lingine. Chukua kundi la kwanza lenye alama 60, 80 na 100. Wastani wake ni 80. Kundi la pili lina 20 na 40, wastani 30. Mhamishe mwenye 60 kutoka la kwanza kwenda la pili. La kwanza linabaki na 80 na 100, wastani unapanda hadi 90. La pili linakuwa na 20, 40 na 60, wastani unapanda hadi 40. Makundi yote mawili yamepanda, na hakuna aliyeongeza hata alama moja. Yule wa 60 alikuwa chini ya wastani wa alikotoka na juu ya wastani wa alikokwenda. Wastani wa wote watano ulikuwa 60 kabla, na ni 60 baada.

Mwaka 1985 Alvan Feinstein na wenzake wawili walionyesha jambo hili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Walilinganisha waliotibiwa mwaka 1977 na wale wa kati ya 1953 na 1964, wakaona kwamba wa 1977 walikuwa wakiishi zaidi katika kila hatua ya ugonjwa. Ilionekana tiba imepiga hatua. Ila vipimo vipya vya picha vilikuwa vinaona saratani iliyosambaa kimyakimya, ambayo vipimo vya zamani havikuiona. Mgonjwa ambaye zamani angewekwa hatua ya mwanzo sasa alihamishiwa hatua ya juu. Kwa wenzake wa hatua ya mwanzo alikuwa mgonjwa zaidi, hivyo kuondoka kwake kulipandisha takwimu zao. Kwa wale wa hatua ya juu alikuwa na nafuu, hivyo kuingia kwake kulipandisha za kwao pia.

Watafiti hao wakawapanga wagonjwa upya, safari hii kwa dalili walizokuwa nazo, ambazo hazibadilishwi na ujio wa mashine mpya. Walipolinganisha tena, wa 1977 na wale wa zamani walikuwa wameishi kwa viwango vinavyokaribiana.