Simu Yako Nayo Iidai Seva Cheti

Chomeka laptopu kwenye tundu la mtandao la ofisi inayotumia kanuni ya 802.1X: taa ya swichi itawaka, lakini hakuna kitakachopita ila ujumbe wa kujitambulisha. Swichi yenyewe haiamui. Hupeleka maelezo kwa seva ya RADIUS, na seva ikiridhika ndipo tundu hufunguliwa. Kwenye waifai, kazi hiyo ya swichi hufanywa na kile kifaa cha darini kinachorusha mawimbi. IEEE walitoa kanuni hii mwaka 2001.

Ofisi nyingi huhangaika na swali moja tu, yaani huyu anayeingia ni nani. La pili husahaulika, na hapo ndipo wizi unapopita: kifaa cha mfanyakazi kinajuaje kwamba seva inayokihoji ni ya ofisi?

Tuseme mhasibu amehifadhi waifai ya kazini kwenye simu, kwa njia ya PEAP, yaani jina na nywila. Mchana anakula mkahawani. Meza ya pili kuna mtu aliyewasha waifai yenye jina lilelile. Simu inajiunga yenyewe, na kwa kuwa siku ya kuiunganisha mtu alichagua `Do not validate`, haikagui cheti cha seva. Nywila haitumwi wazi. Kinachotumwa ni jibu lililokokotolewa kutokana nayo kwa MSCHAPv2. Lakini mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba jibu hilo huvunjika, hata nywila iwe ndefu kiasi gani, na mvunjaji hupata ufunguo unaomtosha kuingia ofisini kwa jina la mhasibu. Mhasibu haoni dalili yoyote.

Tiba iko kwenye mipangilio ya simu, nayo ina sehemu mbili: cheti cha mamlaka iliyotia sahihi cheti cha seva, na jina kamili la seva hiyo. Ukiacha jina, na mamlaka ikawa ya umma, yeyote aliyenunua cheti kwao atapokelewa.

Mimi ningeacha nywila kabisa, nitumie EAP-TLS, ambapo kila kifaa kina cheti chake. Seva bandia haina cha kuiba, kwani ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa. Shida yake ni muda. Mfanyakazi akirudi kutoka likizo ndefu, cheti kimeisha, na mtandao wa kukihuishia ndio huo uliomfungia. Kwenye Windows utaona anwani inayoanza na 169.254, na kumbukumbu za seva zitasema cheti kimepitwa na wakati. Kwa hiyo iandaliwe mapema njia finyu inayofika kwenye seva ya vyeti tu.

Zimebaki printa za zamani, zisizojua kanuni hii. Hizo huruhusiwa kwa anwani ya MAC, ambayo mara nyingi imebandikwa ubavuni mwa mashine, na mwenye laptopu huweza kuinakili kwa dakika chache. Tundu la printa, basi, lifike kwenye seva ya uchapishaji peke yake.